Kutoa waya wa iyafoni na kamba ya kitambulisho bila kuharibu nguo: maswali na majibu

Nikifuta waya mweupe wa iyafoni kwenye sweta kwa Spot Healing Brush ya Photoshop, unatoka, lakini panabaki ukungu kama pamepakwa mafuta. Nakosea wapi?

Brashi hiyo hainakili kitambaa kama kilivyo. Inachukua nyuzi kutoka mahali inapochagua yenyewe, kisha inalinganisha rangi na mwanga na vilivyo kwenye ukingo wa eneo ulilopaka. Ukingo huo ukigusa waya hata kidogo, weupe wake unavutwa ndani na kusambazwa, na huo ndio ukungu unaouona. Isitoshe, sweta ina mistari ya kufumwa yenye mwelekeo, na Spot Healing Brush haina uhakika wa kuufuata.

Fungua leya mpya tupu juu ya picha, chukua Clone Stamp, na kwenye Sample chagua Current & Below. Brashi iwe pana kuliko waya kidogo tu: waya wa pikseli 12 unatosha brashi ya 18 au 20, Hardness kati ya 50% na 70%. Shika Alt ubofye chanzo kwenye mstari uleule wa ufumaji, juu au chini ya unapotaka kuziba, kisha paka vipande vifupi ukibadilisha chanzo mara kwa mara.

Opacity na Flow viache 100%. Wengi hushusha hadi 40% wakidhani wanafanya kazi ya upole, kumbe wanapandanisha nyuzi za sehemu mbili tofauti. Zikipandana nusu kwa nusu, zinafutana, na kitambaa kinalainika. Healing Brush ya kawaida itafaa mwishoni, kusawazisha mahali ambapo mwanga haujalingana, waya ukiwa umeshatoka wote.

Waya umetoka vizuri, lakini bado kuna mstari mweusi pembeni yake unaonisaliti.

Hicho ni kivuli chake. Angalia pua inaangusha kivuli upande gani, na kivuli cha waya utakikuta upande huohuo. Kwa waya mwembamba uliolala juu ya nguo, kivuli ni chembamba pia, kwa hiyo kihesabu kama sehemu ya waya ukiondoe pamoja nao.

Kamba ya kitambulisho ni habari nyingine. Inaning'inia mbali kidogo na kifua, na kivuli chake ni kipana na chenye kingo laini. Usikizibe kwa Clone Stamp, maana ndani yake nyuzi halisi za nguo bado zipo, zimefifia tu. Weka leya ya Curves moja kwa moja juu ya picha, inua katikati ya mstari mpaka kivuli kilingane na nguo ya jirani, kisha jaza maski yake nyeusi kwa Ctrl+I. Paka nyeupe juu ya kivuli kwa brashi laini yenye Flow ya 10%, ukirudiarudia. Leya ya kuzibia ije juu ya hiyo Curves, ili unaponakili uchukue kitambaa kilichokwisha kung'arishwa.

Kamba nyekundu juu ya shati jeupe huacha pia wekundu hafifu kwenye nguo. Tengeneza leya tupu, iweke kwenye hali ya Color, chukua rangi ya shati mahali pasafi, na paka kwa Opacity ya 30% hivi.

Shati ni la drafti. Nikimaliza, miraba haikutani.

Kwenye drafti chanzo hakichaguliwi kwa kukisia. Tafuta makutano ya mistari miwili yaliyo wazi, bofya Alt katikati yake hasa, kisha anza kupaka katikati ya makutano mengine ya aina ileile karibu na waya. Aligned iwe imewashwa, ili umbali huo usibadilike ukiachia kitufe cha kipanya. Miraba ikijirudia kila pikseli 60, chanzo kinatakiwa kiwe mbali kwa 60, 120 au 180. Kikiwa 65, mistari itavunjika.

Chukua mfano wa waya unaotoka shingoni, unapita kwenye ukanda wa vifungo na kuishia mfukoni. Usianzie juu ukashuka. Anza na kingo: mahali waya unapokata ukanda wa vifungo, na unapokata mdomo wa mfuko. Ziba hizo kwa kunakili ukingo uleule kutoka juu au chini kidogo. Kingo zikishanyooka, chora uteuzi kila upande wake na ujaze miraba ndani ya uteuzi, ili drafti ya ukanda isimwagike kwenye drafti ya kifua. Kwa kawaida hazilingani, na fundi cherehani ndiye aliyezikata hivyo.

Penye mkunjo miraba huwa imepinda, na Clone Stamp peke yake haitoshi. Ukiwa kwenye leya ya picha, zungushia kwa Lasso kipande kizima, kama miraba mitatu kwa mitatu, kitoe kwa Ctrl+J, kisogeze juu ya waya, bonyeza Ctrl+T na uchague Warp. Vuta mistari mpaka ikutane na ya jirani, kisha ficha kingo kwa maski.

Kitenge chenye maua makubwa hufanyiwa hivyohivyo: tafuta ua lilelile kwingine kwenye nguo na ulihamishe zima.

Kamba imeziba kola ya koti la suti. Naweza kugeuza kola ya upande wa pili?

Unaweza, ila kuna mitego mitatu. Mwanga wa upande wa pili huenda ni tofauti, na hilo hurekebishwa kwa Curves. Tundu la kifungo la kola mara nyingi huwa upande wa kushoto wa mvaaji, kwa hiyo ukiligeuza litatokea kulia. Na suti nyingi zina mistari midogo ya mshazari inayolala upande mmoja kifuani kote. Ukigeuza kipande, mishazari inalala kinyume na jirani zake, na kwenye chapa kubwa eneo hilo linang'aa tofauti.

Njia salama ni kuchukua umbo tu kwa kugeuza, na nyuzi kutoka upande uleule. Chora ukingo wa kola kwa Pen Tool, ugeuze kuwa uteuzi wenye Feather ya pikseli 0.5 hadi 1, kisha jaza ndani na nje kila upande kwa nguo yake. Kola ina kivuli chembamba chini ya ukingo wake. Ukikisahau, itaonekana imebandikwa.

Sina Photoshop. GIMP inatosha?

Inatosha kwa haya yote isipokuwa jambo moja: Curves yake hutumika kwenye leya ya picha yenyewe, si kama leya ya pekee yenye maski yake. Nakili leya ya picha kwanza, ing'arishe, kisha iwekee maski nyeusi. Kwenye Clone washa Sample merged, weka Alignment kuwa Aligned, na chanzo bofya kwa Ctrl badala ya Alt. Photopea, inayofunguka kwenye kivinjari, ina mpangilio unaofanana zaidi na Photoshop.

Picha nimetumiwa kwa WhatsApp, na kila ninachoziba kinaonekana kama viraka.

Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kubanwa, na kwenye suti nyeusi nyuzi nyingi hupotea kabla hujaigusa. Unachonakili ni vijisanduku vya JPEG, vya pikseli 8 kwa 8. Mwombe mwenyewe aitume upya kama Document. Kama asili haipo tena, ziba umbo na mwanga, kisha ongeza chembechembe kwa Add Noise ya 1% hadi 2% kwenye sehemu uliyoziba, na picha isichapwe kubwa.