Mwanafunzi aliyenikimbia kwa sababu ya "yangu"

Juzi msomaji wa Mafinga kaniandikia: "Dada yangu, nimemaliza chuo, kazi hakuna, na Kiswahili nimekizungumza tangu utoto. Nianzeje kufundisha wageni kama wewe?" Nikaanza kumjibu, "Mdogo wangu," kisha nikacheka peke yangu. Yeye kaniita dada yangu, mimi namwita mdogo wangu. Kwa nini mimi ni "yangu" naye ni "wangu"?

Mgeni atakuuliza hilo ndani ya wiki mbili za kwanza. Mimi niliulizwa nikiwa sijajiandaa.

Nilikuwa nafundisha Mjerumani mmoja wa kujitolea, hapa Iringa mjini, kwenye baraza ya nyumba aliyopanga Gangilonga. Elfu kumi na tano kwa saa. Siku hizo niliona nimeula: naongea tu, nalipwa. Alikuwa na daftari lenye safu za ngeli, kila neno na upatanisho wake. Siku hiyo akasoma sentensi yake: "Kiongozi changu kimefika." Nikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Kitabu changu kimefika, kiti changu kimefika, kosa lake liko wapi? Nikamwambia kiongozi ni mtu, kwa hiyo ni "kiongozi wangu amefika". Akaandika, akatikisa kichwa. Halafu akainua kalamu: "Mama ni mtu. Mbona mnasema mama yangu?"

Nikamjibu, "Ndivyo tunavyosema."

Alinilipa, akashukuru, hakurudi. Baadaye nikasikia kwa mwenye nyumba wake: yule dada anaongea vizuri, ila hafundishi. Ni miaka kadhaa sasa, na bado linaniuma.

Usiku ule nilichora mstari katikati ya ukurasa. Upande huu "yangu", upande ule "wangu". Nikawa namtajia mama yangu maneno huku akimenya viazi, yeye anamalizia. Baba? Yangu. Shangazi? Yangu. Rafiki, jirani, kaka? Yangu. Nikashangilia: kumbe ndugu na watu wa karibu ni "yangu"! Mama akaendelea kumenya, akasema, "Na mume?" Mume wangu. Mtoto wangu, mjukuu wangu, mjomba wangu. Kanuni yangu ikafa palepale.

Nikatazama tena. Mume, mtoto, mjukuu, mjomba: yote yanaanza na m-, na ukiyapeleka kwenye wingi yanakuwa waume, watoto, wajukuu, wajomba. Haya yamevaa sare ya watu tayari, yanachukua "wangu" hata kama ni ndugu wa damu. Baba, shangazi na rafiki hayana sare hiyo. Lakini daktari naye hana, na bado ni daktari wangu, bosi wangu. Kwa hiyo masharti ni mawili, na yote lazima yatimie: neno liwe la undugu, urafiki au ujirani (hata uadui, maana ni adui yangu), na lisiwe na kiambishi cha m- mwanzoni. Likikosa moja, "wangu". Kitenzi hakihusiki na ugomvi huu: mama yangu amefika, daktari wangu amefika, wote ni a-.

Basi mdogo wangu, ushauri wangu ndio huo. Chora mstari, jaza maneno, vunja kanuni yako mwenyewe kabla mgeni hajakuvunjia. Fanya hivyo kwa kila jambo unalolisema bila kufikiri. Wengi wenu mnadhani kuzaliwa na lugha ni cheti. Mnaanza na "mambo, poa", mnafika wiki ya tatu mmeishiwa, mnasema Wazungu ni wabahili. Mtu anayelipa anataka sababu. Na ukifundisha kwa mtandao wanafunzi wa Ulaya, kumbuka saa zao hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, zetu hazibadiliki. Mimi niliwahi kukaa mbele ya simu saa nzima nikimlaani mtu ambaye hakuwa amechelewa.

Sasa natoza elfu ishirini na tano, na sioni haya.

Mwezi uliopita nilimweleza kanuni hii mama mmoja mgeni, kwa kujiamini kabisa. Akaniuliza: "Mbona jirani zangu wananiita mama wa Lukas? Si mama ya?" Nikahisi jasho la Gangilonga. Nikamwambia, "Nipe hadi Alhamisi." Nikarudi kwenye daftari: ile "ya" hutokea kwenye yangu, yako, yake, yetu, yenu na yao tu, neno la kuunganisha lenyewe linabaki "wa". Mama yake Lukas, lakini mama wa Lukas. Mtaani utasikia "mama ya", hilo nalo nikamwambia.

Alhamisi alikuwepo, daftari wazi, kalamu mkononi.