Maswali na majibu: chati ya ratiba ya ujenzi kwenye Excel

"Kaka, nimetengeneza ratiba ya nyumba yetu ya Goba, nimeweka Conditional Formatting kama ulivyosema ila jedwali lote limejaa rangi, kila kazi kila siku. Nimekosea wapi?"

Hapo ni dola tu dada yangu. Ukiwa kwenye lile boksi la fomula ukabonyeza seli badala ya kuandika, Excel inakuwekea dola mbili yenyewe, inakuwa $E$4, maana yake kila seli kwenye jedwali inaangalia tarehe ile ile moja na kazi ile ile moja, na kwa vile tarehe ya kwanza juu ndo siku kazi ya kwanza inaanza, jibu ni ndiyo kila mahali, rangi inajaa. Tuchukulie safu A ni kazi, B tarehe ya kuanza, C idadi ya siku, D mwisho, tarehe za juu zinaanzia E4, kazi zinaanzia mstari wa 5. Chagua kuanzia E5 mpaka AH20, ingia New Rule, chagua Use a formula to determine which cells to format, halafu andika:

```
=AND(E$4>=$B5,E$4<=$D5)
```

Dola iko kwenye 4 kwasababu tarehe zinakaa mstari mmoja siku zote, na iko kwenye B na D kwasababu kuanza na mwisho viko kwenye safu zao. Vingine viache huru. Na uanze kuchagua kutoka E5 kweli, ukianzia E4 rangi zote zitapanda mstari mmoja juu na utadhani fomula mbovu.

"Msingi ni siku 5 kuanzia 6/7/2026, mbona chati inapaka siku 6?"

Umeandika mwisho ni B5+C5. Siku ya kuanza nayo ni siku ya kazi, kwahiyo ni `=B5+C5-1`, inatoka tarehe 10.

"Mafundi wangu wanapiga kazi Jumamosi ila Jumapili hapana, na Saba Saba hawaji. Chati ifanyeje?"

Hili swali nalipenda maana hapa ndo ratiba nyingi za saiti zinadanganya. Orodhesha sikukuu pembeni, tuseme AZ5 mpaka AZ20, halafu safu ya D iwe:

```
=WORKDAY.INTL(B5-1,C5,11,$AZ$5:$AZ$20)
```

Hiyo 11 inamaanisha mapumziko ni Jumapili peke yake, na B5-1 ni ili siku ya kuanza ihesabiwe. Msingi wa siku 5 kuanzia Jumatatu tarehe 6: Jumanne ni Saba Saba inarukwa, kwahiyo unaisha Jumamosi tarehe 11 na sio 10. Kazi inayofuata, kumwaga zege siku 2, mwanzo wake usiuandike kwa mkono, weka `=WORKDAY.INTL(D5,1,11,$AZ$5:$AZ$20)`, itakupa Jumatatu tarehe 13, zege linaisha tarehe 14.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kumwagilia zege maji siku 7 sio kazi ya kalenda ya mafundi, zege halijui Jumapili! Mstari huo tumia hesabu ya kawaida, unaanza `=D6+1` yaani tarehe 15, mwisho `=B7+C7-1`, inatoka Jumanne tarehe 21, kwahiyo ukuta unaanza tarehe 22. Ukitumia WORKDAY.INTL hapo itakupeleka mpaka tarehe 22 na unamlipa mtu siku nzima akae tu. Na mtu wa kumwagilia Jumapili tarehe 19 mtafute mapema.

Ukitaka Jumapili zionekane kijivu ongeza rule ya `=WEEKDAY(E$4)=1` na uipandishe juu ya ile ya rangi, ya juu ndo inashinda. Kwenye mstari wa kumwagilia usiiweke, hiyo siku kazi ipo. Idi nayo iache kwenye orodha ya sikukuu, mwezi ukiandama unabadilisha tarehe moja na ratiba nzima inasogea.

"Kazi mbili hazina rangi kabisa na kwenye mwisho inaandika #VALUE!. Zingine ziko sawa."

Hizo tarehe ni maandishi tu. Kompyuta yako imesetiwa kimarekani, mwezi mbele, ukiandika 14/07/2026 inatafuta mwezi wa 14, inakosa, inaacha kama maneno yamelalia kushoto. Ila sio hizo ndo za kuogopa, za kuogopa ni kama 08/07/2026 ambayo imekubalika kimya kimya ikawa tarehe 7 Agosti, rangi ipo ila mbali kabisa, nje ya siku ulizoziona. Badilisha Region kwenye Windows, kisha ziandike upya zote, hata zile zinazoonekana nzima.