Stoku ilizidi na hesabu zilishapitishwa: rekebisha kuanzia mwaka kosa lilipoanzia

"Wakuu, hesabu za 2023 zilishakaguliwa na bodi ikasaini. Sasa tumegundua stoku ya mwisho ilizidishwa. Bosi anataka tofauti yote niitupe kwenye gharama za 2024 yaishe. Nifanyeje?"

Mkuu, usiitupe kwenye 2024. Mimi nilipitia kitu hichohicho, tena mwaka huohuo, ngoja nikueleze ilivyokuwa, figa nimezibadilisha ziwe rahisi ila mtiririko ni wenyewe kabisa, zote ni milioni.

Kulikuwa na msambazaji anayetuachia mzigo wake kwenye stoo yetu, sisi tunauza kisha anatuletea ankara ya kile kilichouzwa tu. Mzigo ni wake mpaka uuzwe. Sasa waliokuwa wanahesabu mwisho wa mwaka walikuwa wanahesabu kila kilichomo ndani ya stoo, na wa kwake humohumo. Aprili 2024 akaja kuhesabu vitu vyake, nikachukua orodha yake nikaiweka pembeni ya karatasi zetu za Desemba 2023, ndo nikaona mistari inafanana mmoja baada ya mwingine. Jumla yake 12. Hatukuwa na ankara wala deni la huo mzigo popote kwenye vitabu, kwa hiyo stoku yetu ilikuwa imezidi 12 na faida nayo imezidi.

Kabla hujagusa kitu jiulize kwanza kama hilo ni kosa kweli au ni makadirio yaliyobadilika. Kama mwaka jana mlikadiria mteja atalipa halafu mwaka huu akafilisika, hilo si kosa, linaingia mwaka huu na unaendelea na kazi. Kosa ni pale taarifa ilikuwepo, au ilikuwa inapatikana wakati hesabu zinapitishwa, na hamkuitumia au mliitumia vibaya. Mkataba wa msambazaji ulikuwa kwenye faili siku zote, kwa hiyo letu lilikuwa kosa, na kwa ukubwa ule halikuwa la kufumbia macho. IAS 8 inataka kosa la namna hiyo lirekebishwe kwa kurudi nyuma, kwenye hesabu za kwanza zitakazopitishwa baada ya kugundua. Maana yake zile za 2023 zilizosainiwa huzifungui, unarekebisha safu ya 2023 inayokaa kama linganishi ndani ya hesabu za 2024 (labda sheria ya kampuni kwenu ilazimishe kuzitoa upya, hilo muulize odita wenu).

Sasa sehemu iliyonikwamisha. Mimi nilichukua 12, nikatoa kodi ya asilimia 30 ambayo ni 3.6, nikabaki na 8.4 nikaikata yote kwenye faida limbikizi ya kuanzia 1 Januari 2024, safu ya 2023 nikaiacha kama ilivyosainiwa. Odita akairudisha na swali moja tu, kosa lilianza lini? Nikarudi kwenye karatasi za Desemba 2022 nikakuta mzigo wa yule msambazaji upo na huko, wa 5. Mwaka 2021 alikuwa hajaanza kutuletea, kwa hiyo hapo ndo mwanzo.

Wengi hapa wanakosea, wanaona 5 ya 2022 na 12 ya 2023 wanajumlisha wanapata 17. Hapana. Kosa la stoku linajigeuza lenyewe mwaka unaofuata. Ile 5 ilifunga 2022 kama stoku ya mwisho ikafungua 2023 kama stoku ya kuanzia, mzigo ukauzwa, msambazaji akaleta ankara yake tukaiingiza kama manunuzi, kwa hiyo gharama ya mzigo uleule iliingia mara mbili ndani ya 2023. Yaani 2023 ilibeba gharama ya ziada ya 5 upande wa mwanzo, na ikapunguziwa 12 upande wa mwisho. Kosa halisi la 2023 ni 7 tu, na la 2022 ni 5, jumla inarudi kuwa 12.

Baada ya kodi, 2022 inakuwa 3.5 na 2023 inakuwa 4.9. Kwenye taarifa ya mabadiliko ya mtaji tukaandika faida limbikizi ya 1 Januari 2023 kama ilivyoripotiwa awali 30, marekebisho ya kosa toa 3.5, iliyorekebishwa 26.5. Faida ya 2023 iliyokuwa 14 ikawa 9.1. Gawio hatukutoa, kwa hiyo 31 Desemba 2023 ikawa 35.6 badala ya 44. Ukichukua 44 ukatoa 8.4 unapata hiyohiyo 35.6, isipokutana ujue umegawa miaka vibaya. Na kwa kuwa kosa liligusa mwanzo wa mwaka linganishi kwa kiasi kikubwa, tuliweka na mizania ya tatu, ya 1 Januari 2023.

Kwenye sistimu usifungue mwaka uliofungwa. Sisi ingizo lilikuwa la tarehe 1 Januari 2024: debiti faida limbikizi 12, krediti stoku 12, halafu debiti kodi ya kurudishiwa 3.6, krediti faida limbikizi 3.6. Tulitengeneza akaunti ndogo chini ya faida limbikizi, tukaiita marekebisho ya miaka ya nyuma, ili mtu akilinganisha urari na hesabu zilizosainiwa aione tofauti imekaa wapi. Mgawanyo wa 2022 na 2023 unabaki kwenye karatasi za kazi, hauonekani kwenye leja. Ile 3.6 usiiweke kwa mazoea, tuliiweka kwa sababu ritani za miaka yote miwili zilikuwa bado zinaruhusiwa kurekebishwa, muda ungekuwa umepita tungekata 12 nzima.

Bosi wako mwoneshe faida ghafi. Mauzo yetu yalikuwa 160, 200 na 220. Kwa vitabu vya zamani faida ghafi ilisomeka asilimia 28 mwaka 2022 na 28.5 mwaka 2023, na kama tungetupa 12 ndani ya 2024 ingeanguka mpaka 19.5. Mtu wa benki akiona hivyo atauliza biashara imepatwa na nini, na haijapatwa na kitu. Baada ya kurekebisha ikawa 25, 25, 25. Bosi wetu alikubali alipoiona hiyo mistari mitatu, kabla ya hapo nilikuwa nimebishana naye wiki nzima.

Kwenye maelezo ya hesabu andika kosa lilikuwa nini, limegusa mistari gani na kwa kiasi gani kila mwaka, na kiasi kilichotangulia mwaka linganishi. Neno "imerekebishwa" likae juu ya safu ya 2023.

Kama karatasi zenu za kuhesabu stoku za Desemba 2022 zipo, anza na hizo leo. Kama hazipo, omba msambazaji au mteja anayehusika akupe rekodi zake za tarehe hiyo, na ikishindikana kabisa kuupata mgawanyo, unarekebisha kuanzia tarehe ya mapema zaidi inayowezekana na unaeleza kwa nini. Weka hapa figa za miaka yote miwili nikusaidie kugawa.