Video ya Harusi Isife na Deki: Maswali na Majibu

Habari za kazi, wanangu. Harusi ya binti yangu ya 2009 ipo kwenye DVD mbili. Kijana wa dukani alizigeuza zikawa MP4, lakini mtu akicheza au akigeuka, picha inatoa mistari ya kulala. DVD zimechoka? – Mama, Igoma

Shikamoo, mama. DVD hazijachoka, mistari imeletwa na namna zilivyogeuzwa, na kwa kuwa bado unazo mkononi, kazi inarudika.

Video ya DVD za huku kwetu ina fremu 25 kwa sekunde, na mara nyingi kila fremu ni nusu mbili zilizosukwa pamoja: mistari ya witiri imepigwa kwanza, ya shufwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde baadaye. Mtu akisimama, nusu hizo zinalingana. Akiruka, mkono wake upo mahali pawili ndani ya fremu moja, na kingo zake zinatoka kama meno ya chanuo. Deki na televisheni zinajua kuzitenganisha. Kijana wa dukani bila shaka alikuza picha kutoka mistari 576 hadi 720 bila kuzitenganisha kwanza, na mistari ya nusu hizi mbili ikachanganyika kabisa. Faili hiyo ya MP4 haitengenezeki tena. Ukiifungua kwa programu ya bure iitwayo MediaInfo, utaona `Progressive` na urefu wa 720. Faili iliyotoka salama kwenye DVD ya namna hii ingeonyesha `Interlaced` na 576.

Kinachotakiwa ni kuitoa video kwenye DVD bila kuibana upya. Ndani ya folda `VIDEO_TS` kuna faili za VOB, na kila moja haizidi gigabaiti 1. Ile inayoishia na sifuri, `VTS_01_0.VOB`, ni menyu, iache. Zinazofuata ndizo harusi yenyewe. Nakili folda nzima kwenye kompyuta kwanza, kisha ziunganishe hivi kwa ffmpeg, programu ya bure inayopewa amri kwa maandishi:

```
ffmpeg -fflags +genpts -i "concat:VTS_01_1.VOB|VTS_01_2.VOB|VTS_01_3.VOB" -map 0:v -map 0:a -c copy harusi.mkv
```

Maneno ya kuangalia ni `-c copy`. Yanaiamuru programu ihamishe video na sauti kama zilivyo, ibadilishe kasha tu, yaani aina ya faili inayozibeba. Kodeki, yaani namna video ilivyobanwa, inabaki MPEG-2 ile ile ya DVD, ambayo inajulikana kila mahali tangu miaka ya tisini, na picha haipotezi hata nukta. Kazi nzima ni ya dakika chache. MKV inayotoka iwe ndogo kidogo tu kuliko jumla ya VOB zako. Ikitoka nusu yake, kuna sehemu imerukwa. Cheza mwisho wake uone kama kweli wageni wanaaga.

Hiyo ndiyo nakala ya kutunza. Ya kutazama kwenye simu itolewe humo, na hapo ndipo nusu zinatenganishwa:

```
ffmpeg -i harusi.mkv -vf bwdif=mode=send_field -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k -movflags +faststart kutazama.mp4
```

Video itakuwa na picha 50 kwa sekunde, na watu watacheza laini kama siku ile ukumbini. Fanya mapema, mama. DVD za kuchomwa dukani zina rangi ndani inayoharibiwa na jua na joto, na ikishafifia hakuna programu ya kuirudisha.

Napiga harusi Ilemela na Nyamagana. Kamera yangu mpya ina H.265, inaokoa nafasi sana. Niwape wateja H.265 au nirudi H.264? Nataka video ichezeke hata baada ya miaka 20. – Mpiga video, Pasiansi

Piga kwa ile inayokupa picha bora, lakini mkabidhi mteja H.264. Hayo ni mambo mawili tofauti, na shida nyingi hutokea yanapochanganywa.

H.264 ilitoka 2003. Leo simu ya bei ndogo, king'amuzi, televisheni ya sebuleni na redio ya gari yenye kioo zinaifungua, tena kuna programu huria za kuisoma ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kodeki inayotumika hivyo haifi kirahisi, kwa sababu hakuna kampuni moja inayoweza kuifunga ikiamka vibaya. H.265 ya 2013 nayo haitapotea, ila ina sura nyingi. Kamera za sasa hupiga H.265 ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2, na vifaa vingi havina chipu ya kuisoma hiyo. Dalili yake wengi mmeiona: mama mkwe anachomeka fleshi, sauti ya MC inatoka vizuri, kioo ni cheusi. Au picha inakwamakwama kwenye laptopu ambayo haina tatizo lingine lolote.

Kwa hiyo filamu iliyokamilika itoe hivi: kasha MP4, kodeki H.264 profaili ya `High`, biti 8, rangi 4:2:0, fremu 25 zisizobadilika, sauti AAC ya 48 kHz. Kwa picha ya 1080, megabiti 20 kwa sekunde zinatosha hata kwa ukumbi wa taa za kuzunguka na moshi, ambao ndio unaobana kodeki kuliko kitu chochote.

Tufanye hesabu ya harusi ya saa 2. Megabiti 20 mara sekunde 7,200, gawanya kwa 8, unapata gigabaiti 18. Fleshi ya 32 inatosha, ila televisheni nyingi za zamani zinasoma fleshi ya FAT32 tu, na FAT32 haipokei faili ya gigabaiti 4 na zaidi. Ikate kwa matukio, kila faili isizidi dakika 25: maandalizi, kanisani au msikitini, picha za ufukweni, kuingia ukumbini, keki, zawadi. Dakika 25 ni gigabaiti 3.75, inapita. Kukata kwa matukio kuna faida nyingine: faili moja ikiharibika, harusi nzima haijaondoka nayo.

Na faili za kamera? Zitunze kama zilivyotoka kwenye kadi, H.265 na yote. Usizigeuze kuwa H.264 eti ziwe salama, maana kila kubana upya kunakula picha. Usihifadhi pia projekti peke yake ukidhani umehifadhi kazi. Projekti ni orodha ya mikato tu. Toleo la programu likibadilika au folda ikihama, inafunguka ikiwa na mabango mekundu ya faili zilizopotea. Ukitaka mteja aweze kurudi miaka 10 ijayo aongezewe jina au kuondolewa wimbo, toa nakala moja zaidi ya filamu isiyo na maandishi, na muziki kwenye njia yake pekee.

Umeme ulikatika kwenye sendofu Kirumba, kamera iliyokuwa ikichukua umeme wa ukutani ikazima. Faili ni ya gigabaiti 9 lakini haifunguki popote. Imekufa? – Nyakato

Uwezekano mkubwa haijafa. Ndani ya MP4 kuna faharasa inayosema kila fremu imeanzia wapi, na kamera nyingi huiandika mwisho kabisa, unapobonyeza kuzima. Umeme ukikatika, video imeandikwa ila faharasa haipo. Ukijaribu ffmpeg itasema `moov atom not found`.

Kwanza usipige kitu kingine kwenye kadi hiyo. Nakili faili kwenye kompyuta. Kisha, kwa kadi nyingine, piga dakika chache kwa kamera ile ile na mipangilio ile ile: ukubwa, fremu, kodeki, sauti. Programu ya bure `untrunc` huisoma faili hiyo mpya, `nzima.mp4`, na kuitumia kama kielelezo cha kujenga faharasa ya ile mbovu:

```
untrunc nzima.mp4 mbovu.mp4
```

Mipangilio ikitofautiana, picha itatoka na madoa ya kijani au sauti itaachana na midomo. Rudia na kielelezo sahihi. Ikitoka vizuri, itunze pamoja na ile mbovu, kwani programu ya kesho inaweza kuokoa dakika ambazo ya leo imeshindwa. Kama unarusha shughuli moja kwa moja na kurekodi kwa OBS, chagua MKV: hiyo ikikatika unapoteza sekunde za mwisho tu, na baadaye unaihamishia MP4 kwa `-c copy`.

Nina kanda za VHS za harusi za wazazi, Ukerewe, 1993. Nimeambiwa nizihifadhi kwa FFV1, mwingine anasema MP4 inatosha. Nani yuko sahihi? – Bwiru

Kwa kanda, wa FFV1. Faili ya kamera ya kisasa ilishabanwa tangu ilipozaliwa, kwa hiyo kuiweka kwenye FFV1 kunaivimbisha bure. Kanda ya VHS haijawahi kubanwa kidijitali, na huenda hii ikawa mara ya mwisho kuchezeka. FFV1 ni kodeki isiyopoteza kitu, na maelezo yake yamechapishwa wazi 2021 kama RFC 9043, kwa hiyo hata programu zote zikipotea mtu anaweza kuandika nyingine.

Kabla ya yote, tazama kanda kwenye kidirisha chake. Unyevu wa ziwani hupandisha ukungu mweupe kwenye kingo za mkanda. Ukiuona, usiiingize kwenye deki, inachafua vichwa na kuambukiza kanda nyingine. Apewe fundi wa kuisafisha kwanza.

Kifaa cha kunasa kiwekwe 720 kwa 576, fremu 25, rangi za `YUY2`, bila kutenganisha nusu za fremu. Saa moja ya faili ya AVI ya namna hiyo ni kama gigabaiti 75, na FFV1 inaipunguza hadi karibu nusu:

```
ffmpeg -i kanda.avi -c:v ffv1 -level 3 -g 1 -slices 16 -slicecrc 1 -pix_fmt yuv422p -c:a copy kanda.mkv
```

Hapo `-slicecrc 1` inaweka alama ya ukaguzi ndani ya kila kipande cha fremu. Diski ikianza kuoza miaka ijayo, programu itakutajia palipoharibika badala ya kukuacha ukisie. Kabla ya kufuta AVI, linganisha:

```
ffmpeg -i kanda.avi -map 0:v -pix_fmt yuv422p -f md5 -
ffmpeg -i kanda.mkv -map 0:v -pix_fmt yuv422p -f md5 -
```

Kila moja itatoa mstari unaoanza na `MD5=`. Mistari ikifanana herufi kwa herufi, picha ni ile ile na AVI inaweza kuondoka. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, usifute. Geuza upya kutoka kwenye AVI.