Chrome inalazimisha https kwenye seva ya majaribio

*Fundi, seva yetu ya majaribio hapa byuro, Goma, ni http://test.example.com:8080. Kwa mwenzangu inafunguka. Kwangu Chrome inaweka https yenyewe, kisha ERR_SSL_PROTOCOL_ERROR. Nimefuta kuki, bado. Jana tu nilikuwa nimefungua tovuti kuu, example.com.*

Hiyo ziara ya jana ndiyo chanzo, ndugu. Tovuti kuu ilipojibu kwa https, bila shaka ilituma mstari huu wa HSTS, yaani amri ya kutumia https tu:

```
Strict-Transport-Security: max-age=31536000; includeSubDomains
```

Chrome imeandika kwamba kwa sekunde 31536000, yaani mwaka mzima, haitagusa example.com kwa http. Neno la mwisho katika mstari huo linaingiza na kila jina lililo chini yake, test likiwemo. Poti haikuokoi, kwa sababu amri inafuata jina: http inageuka https, 8080 inabaki 8080, na seva yako pale haijui TLS. Mwenzako hajafungua tovuti kuu kwenye masini yake. Akiifungua, naye yatamkuta.

Hakikisha kwanza. Bonyeza F12, nenda Network, fungua anwani tena. Ukiona 307 pamoja na `Non-Authoritative-Reason: HSTS`, ombi limegeuzwa ndani ya Chrome kabla halijatoka kwenye masini yako, kwa hiyo usipoteze saa ukichimba mipangilio ya Nginx. Ukiona 301, hiyo ilitoka kwa seva, na hapo ni ugonjwa mwingine.

Sasa fungua `chrome://net-internals/#hsts` na uandike test.example.com kwenye sehemu ya Query. Soma mstari wa `dynamic_sts_domain`. Kwako utaonyesha example.com, na hapa ndipo wengi wanapokwama: wanafuta jina la test, ambalo halina rekodi yake lenyewe, halafu wanashangaa hakuna kilichobadilika. Kwenye Delete domain security policies andika jina la mzazi, example.com, ufute, kisha uliza tena mpaka upate Not found.

Utapona mpaka utakapofungua tena tovuti kuu, maana mstari ule utarudi. Usimwombe msimamizi aondoe ulinzi wa tovuti kuu kwa ajili ya majaribio yako. Ipe seva jina lisilo na mzazi huyo. Tuseme iko 192.168.1.20, kwenye faili la hosts la kila masini ongeza:

```
192.168.1.20  duka.test
```

Weka jina hilo pia kwenye `server_name` ya Nginx, kisha fungua http://duka.test:8080. Mwisho wa .test umetengwa kwa majaribio tangu 1999. Usichague .dev: hiyo imo kwenye orodha ya majina ya https tu iliyojengwa ndani ya Chrome yenyewe, na rekodi za orodha hiyo hazifutiki kwenye ukurasa ule.