Kidonda cha mguu: gusa vidole kabla ya kufunga bandeji

Wiki iliyopita msomaji wa Nachingwea aliniandikia kuhusu kidonda cha baba yake mdogo. Kipo juu ya kifundo, upande wa ndani, ngozi imegeuka kahawia, na majirani wameshasema ni sukari. Kisa hicho nakijua. Mama yangu, mama lishe wa Mikindani, alikaa na kidonda kama hicho mpaka wateja wakamkimbia. Wengine walisema amerogwa. Mpaka leo linaniuma.

Mama husimama jikoni tangu alfajiri. Valvu za vena, ile mishipa inayorudisha damu moyoni, zililegea mguuni mwake, damu ikawa inarudi chini badala ya kupanda kwenda moyoni. Presha ikizidi humo, chembe nyekundu huvuja kwenye ngozi na kuacha chuma chake. Ndiyo hiyo rangi ya kahawia. Ngozi yake ilikuwa ngumu kama ubao. Kidonda kilikuwa kipana, hakina kina, kinatoa maji mpaka khanga inalowa. Akiinua mguu juu ya mto, anapata nafuu.

Sukari ilipimwa, ikaonekana sawa. Bado tulipewa antibiotiki juu ya antibiotiki, na mguu hakuna aliyeugusa. Muuguzi mmoja ndiye aliyegusa. Alianza na vidole kuona kama vina joto, akatafuta mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, kisha akapima presha kwa dopla, kifaa cha kusikiliza damu ikipita: mkononi 130, kifundoni 125. Ukigawanya 125 kwa 130 unapata kama 0.96. Kati ya 0.8 na 1.3, bandeji ya kubana kwa kawaida inaruhusiwa, na hiyo ndiyo tiba yenyewe. Alifunga kuanzia chini ya vidole, kisigino kikiwa ndani, hadi chini ya goti.

Sasa nisikilizeni vizuri, jamani. Rangi ya kahawia peke yake haitoshi, maana mtu anaweza kuwa na shida ya vena na ya ateri, mishipa inayoleta damu mguuni, kwa pamoja. Ateri zikiziba, mguu huwa wa baridi, kidonda huja vidoleni au kwenye mfupa uliojitokeza, kina kina kama kimetobolewa, na mgonjwa huamka usiku akiuning'iniza mguu ndipo apate nafuu. Huyo ukimbana bandeji unamkatia damu kidogo iliyobaki. Kidonda cha sukari mara nyingi huwa chini ya unyayo, kimezungukwa na sugu, na hakiumi kwa sababu neva zimekufa ganzi. Tena kwa mwenye sukari, ateri zikikakamaa, kile kipimo cha kugawanya presha hupanda kwa uongo. Ukiona zaidi ya 1.3, usifunge, mpelekeni akapimwe zaidi.

Na hata aliyeruhusiwa, vidole vikifa ganzi au vikiwa vya baridi baada ya kufungwa, fungueni hapo hapo.

Kidonda cha mama kimefunga mwezi huu, na nimefurahi mno. Valvu hazijapona, kwa hiyo kila asubuhi anavaa soksi za kubana kabla hajashuka kitandani.