Duara la nukta tisa: madogo, H na D sio kitu kimoja

Nimetoka kusahihisha makaratasi ya madogo wa kundi letu la jometri na nimechoka jamani. Swali lilikuwa moja tu, chora pembetatu ABC, weka zile nukta tisa, onyesha ziko kwenye duara moja. Karibu nusu ya makaratasi yana duara linalopita kwenye nukta sita vizuri kabisa, halafu tatu za mwisho zimevutwa kwa nguvu, penseli imenenepeshwa mpaka mstari unafanana na kamba. Mnafikiri hatuoni? Tunaona, tulishafanya wenyewe.

Basi haya, nayaandika mara moja ili mkirudia nije na link tu.

1. Andika tisa zako kwa makundi matatu kabla hujashika bikari.

Kundi la kwanza ni katikati ya pande: L katikati ya BC, M katikati ya CA, N katikati ya AB. La pili ni miguu ya vimo, yaani D pale kimo cha kutoka A kinapokutana na mstari BC, E kwenye CA, F kwenye AB. La tatu, hili ndo linawaua, X ni katikati ya A na H, Y katikati ya B na H, Z katikati ya C na H, ambapo H ni ortosenta, yaani pale vimo vyote vitatu vinapokatana. Rudia tena: A na H. Sio A na D!

2. Kosa la kugawa kimo kizima.

Hili nalijua kwa undani kwa sababu lilikuwa langu. Kichwani kwangu kundi la tatu lilikaa kama "katikati ya vimo", kifupi kizuri, rahisi kukumbuka, na ni uongo. Kimo kinaanzia A kinaishia D, nikawa nagawa AD kwa mbili. Na kibaya zaidi sikuwa mvivu, nilihakiki kwanza, nikachukua ile 3-4-5 ya kila siku, B kwenye (0,0), A kwenye (0,4), C kwenye (3,0), pembe mraba ipo B. Kimo cha kutoka A ni upande AB wenyewe, katikati yake (0,2), ipo kwenye duara. Kimo cha kutoka C ni CB, katikati yake (1.5,0), nayo ipo. Mbili zimekubali, nikasema ya tatu itafuata, nikafunga daftari nikaenda kulala nimeridhika.

Ya tatu haifuati. Kimo cha kutoka B kinagusa AC kwenye (1.92,1.44), B iko kwenye duara na huo mguu uko kwenye duara, sasa katikati ya nukta mbili za duara itakaaje tena kwenye duara? Iko ndani, lazima. Na zile mbili zilikubali kwa bahati tu, kwa vile pembe mraba ikiwa B, H inaangukia B hapohapo, na D ya kimo cha A nayo ni B, kwa hiyo AH na AD zinakuwa kipande kilekile. Yaani nilichagua kujaribu kwenye pembetatu ambayo kosa langu linajificha, halafu nikaacha kujaribu sehemu pekee ambayo lingeonekana.

Nikasimama mbele ya darasa na hiyo ilimu yangu. Nikachora pembetatu yenye pembe kali zote, kwa mkono, na kwenye mchoro wa mkono H ikiwa chini karibu na BC tofauti ni ndogo, unabonyeza chaki kidogo mambo yanaenda. Mwalimu aliniacha nimalize, akasema vizuri, sasa chora yenye pembe butu pale juu. Nikachora. Nukta yangu ya "katikati ya kimo" ilikuwa imelala ndani ya duara mbali na mstari wowote, hakuna chaki duniani ya kuifikisha. Nikaanza kulaumu bikari. Mwalimu akaniazima yake 😂

3. Bikari inahitaji nukta tatu tu, chora duara kwa L, M, N halafu acha sita zilizobaki zijitetee zenyewe.

4. Elewa mstatili, usikariri.

Uthibitisho wenyewe mfupi mpaka unaudhi. Kwenye pembetatu ABC, N na M ni katikati ya AB na AC, kwa hiyo NM ni sambamba na BC na ni nusu yake. Kwenye pembetatu HBC, Y na Z ni katikati ya HB na HC, kwa hiyo YZ nayo ni sambamba na BC na ni nusu yake. Sasa NY, angalia pembetatu ABH, ni sambamba na AH. Na AH iko kwenye kimo, inasimama kwa pembe mraba juu ya BC. Basi NMZY ni mstatili, ulalo wake mmoja ni NZ na mwingine ni MY, zinalingana na zinakatana katikati.

Fanya hivyohivyo kwa upande mwingine upate mstatili wa LNXZ, ulalo wake ni LX na NZ. NZ imetokea mara mbili, umeona? Kwa hiyo LX, MY na NZ zote zina urefu mmoja na katikati moja, ndo vipenyo vitatu vya duara moja, nukta sita tayari. Miguu sasa: D inaiona LX kwa pembe mraba, maana L iko kwenye BC na X iko kwenye kimo, na nukta inayoona kipenyo kwa pembe mraba iko kwenye duara. E na MY vilevile, F na NZ vilevile. Kwisha.

Ona hapo ukiweka katikati ya AD badala ya X, ule mstatili haupo. N, M na hiyo nukta yako zinakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, kila mara, kwa sababu zote tatu ziko nusu ya njia kutoka A kwenda kwenye mstari BC. Duara halipiti kwenye nukta tatu za mstari mmoja. Ningelijua hili mapema nisingehitaji ile aibu.

5. Fanya moja kwa namba, mkono wako mwenyewe.

Chukua A(0,12), B(-4,0), C(6,0). D ni (0,0) bila jasho. AC ni 2x + y = 12, kimo cha kutoka B kina mteremko wa nusu, y = (x+4)/2, kinakata mhimili wa wima kwenye 2, kwa hiyo H ni (0,2), na kinaigusa AC kwenye E(4,4). Upande wa pili F inatoka (-3,3).

Katikati za pande: L(1,0), M(3,6), N(-2,6). Katikati na H: X(0,7), Y(-2,1), Z(3,1).

Kitovu ni katikati ya LX, yaani (0.5, 3.5). Pima sasa. Kutoka hapo hadi L ni 0.5 kwa 3.5, miraba yake 0.25 + 12.25 = 12.5. Hadi M ni 2.5 kwa 2.5, 6.25 + 6.25 = 12.5. Hadi E ni 3.5 kwa 0.5, 12.5 tena. Malizieni zilizobaki, zote zinatoa 12.5. Ile nukta yangu ya aibu, katikati ya AD, ni (0,6), inatoa 0.25 + 6.25 = 6.5, haijakaribia hata. Na kweli, N, hiyo nukta na M zote zina y = 6.

Kitu kingine cha kuhakiki: kitovu cha duara linalopita A, B, C hapa ni O(1,5), mraba wa nusukipenyo chake ni 50. Robo ya 50 ni 12.5, yaani nusukipenyo chetu ni nusu ya kile, na kitovu chetu ni katikati kabisa ya O(1,5) na H(0,2). Hii ni kweli kwa pembetatu yoyote, kwa hiyo ukiwa na O na H unaweza kukamata kosa lako kabla sijalikamata mimi.

Angalizo, kwa namba hizi mstatili NMZY umetokea mraba kamili. Hiyo ni kwa sababu pembe ya A ni nyuzi 45 na AH ikalingana na BC, zote 10. Dogo mmoja tayari ameandika "siku zote ni mraba". Hapana.

6. Pembe butu isikutishe.

Pembetatu HBC ya hapo juu, yenye H(0,2) kama kipeo cha juu, ina pembe butu pale H. Vimo vyake vinakatana wapi? Kwenye A. Kwa hiyo katikati za pande zake ni L, Y, Z, na zile tatu za "kipeo na ortosenta" ni X, M, N. Miguu ni ileile D, E, F, ila sasa F haiko kwenye kipande CH, iko mbele yake, kwenye mstari uliorefushwa kupita H. Hapo ndo wengi wenu mnakwama, mnatafuta mguu ndani ya upande na haupo humo. Refusha mstari. Nukta tisa ni zilezile, zimebadilishana kazi tu.

7. Tisa sio lazima uhesabu tisa.

Pembetatu ya pande mbili sawa, D na L zinakaa juu ya nukta moja, unabaki na nane. Ya pande zote sawa, sita. Ya pembe mraba ni tano, na ikiwa na pande mbili sawa juu yake ni nne. Mtu amepoteza alama kwa kuandika "nimekosa nukta moja, samahani mwalimu" kwenye pembetatu ya pande mbili sawa. Usiombe radhi, andika D = L uendelee.

Feuerbach, yule Mjerumani wa hesabu ambaye duara hili huitwa pia kwa jina lake, mwaka 1822 alishughulika na zile sita, katikati za pande na miguu, na akaonyesha duara hili linagusa lile duara dogo la ndani ya pembetatu. Kwa pande zote sawa halihitaji hata kugusa, yanakuwa duara moja, na mkichora hiyo msilete karatasi mbili.